Kiambatisho ndicho kinachoombea kazi

Mbunifu wa michoro anayemwandikia mteja wake wa kwanza huhangaika na maneno siku nzima, kisha huambatisha picha kumi bila hata kuzipanga. Kwangu hapo ndipo kazi inapopotea. Mteja husoma mistari michache kwenye simu, hufungua kiambatisho, na uamuzi wake huanzia hapo.

Tuseme unamwandikia mtengenezaji wa sabuni ya maji. Ujumbe huu unatosha:

"Habari za kazi. Nimeziona chupa zenu za mililita 250. Jina la harufu limeandikwa kwa herufi nyembamba za kijivu juu ya kijani, hivyo mnunuzi aliye hatua mbili kutoka kwenye rafu hatofautishi ndimu na mchaichai. Mimi ni mbunifu wa lebo, ndiyo kwanza naanza kujitegemea. Nimeambatisha kurasa tatu. Ya kwanza ni lebo ya chupa ndogo. Ni kazi ya mazoezi, haikuagizwa na mteja. Mnatarajia kuchapa lebo nyingine lini?"

Swali la mwisho hujibika kwa neno moja, na jibu lake linakuonyesha kama kazi ipo karibu. Sentensi ya mazoezi usiifute kwa aibu. Ukiweka nembo ya kampuni maarufu na kunyamaza, mteja atadhani walikuajiri. Akiuliza na kugundua sivyo, hata kazi yako nzuri ataitilia shaka.

Wengine hushauri uitengeneze upya lebo ya mteja mwenyewe na kumtumia. Mimi napinga. Hujui vipimo vya chupa, maelezo yanayotakiwa kisheria, wala mashine anayochapia. Utakuwa umekisia, na kukisia huko kutaonekana.

Sasa faili. Weka kurasa zote tatu kwenye PDF moja, na sampuli inayofanana na biashara yake iwe ya kwanza, hata kama unaipenda zaidi nyingine. Picha za pikseli 150 kwa inchi zinatosha kwa skrini. Ukiweka 300, pikseli huwa mara nne na faili hunenepa bure. Tumia rangi za RGB, kwa sababu faili ya CMYK iliyoandaliwa kwa uchapaji inaweza kuonyesha rangi zilizofifia kwenye simu. Gmail huruhusu megabaiti 25, lakini ningekomea tano, maana mteja hana sababu ya kusubiri faili ya mtu asiyemjua. Ukitumia WhatsApp, itume kama hati; ikienda kama picha hubanwa, na maandishi madogo ya lebo huwa ukungu.

Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe na uifungue kwenye simu, si kwenye kompyuta uliyochorea. Kompyuta hiyo ina fonti zako zote, kwa hiyo fonti ambayo haikupachikwa ndani ya PDF itaonekana sawa kwako na kubadilika kwa mteja. Kisha shika simu kwa umbali wa kawaida bila kukuza. Jina la harufu kwenye lebo yako lisiposomeka, umemtumia kosa lilelile ulilomwonyesha.