Alama za GSM8K zinapovuja

Nikiona modeli ya lugha imepanda nafasi mbili kwenye jedwali la ushindani, swali langu la kwanza ni moja tu: mtihani wenyewe umekaa mtandaoni kwa muda gani?

Chukua GSM8K, mkusanyiko wa maswali ya hesabu za shule ya msingi uliotolewa mwaka 2021. Sehemu ya kupimia ina maswali 1,319, na majibu yake yako wazi kwa kila mtu. Watu wameyanakili, wameyatafsiri na kuyajadili, na modeli zinafunzwa kwa maandishi yaleyale ya mtandaoni. Sasa piga hesabu: pengo la asilimia 2 kati ya modeli mbili ni maswali kama 26 tu. Haihitaji hata udanganyifu. Maswali 26 yakipenya kwenye data ya mafunzo bila mtu kukusudia, nafasi zinabadilika.

Wenye modeli husema wamechuja. Mara nyingi kuchuja ni kutafuta mfuatano wa maneno unaofanana, kwa mfano maneno 13 mfululizo kama walivyofanya waliounda GPT-3. Lakini tuseme swali ni hili: makasha 12 yana kalamu 8 kila moja, zikitolewa 30 zitabaki ngapi? Mtu akiandika, "Kalamu 30 zilichukuliwa kutoka makasha 12 yenye kalamu nane nane", chujio halioni kitu, na jibu la 66 linaingia. Ndiyo maana napenda kubadilisha namba. Weka makasha 13, na jibu sahihi ni 74. Modeli iliyokariri inaweza kupanga hatua vizuri kabisa, kisha ikamalizia na 66.

Kipimo kizuri zaidi nilichokiona ni cha mwaka 2024. Watafiti wa Scale AI waliwapa watu kazi ya kutunga maswali mapya zaidi ya 1,000 yenye ugumu unaolingana na GSM8K, wakayaita GSM1k, na wakati huo hawakuyaanika. Baadhi ya modeli zilishuka kwa asilimia kadhaa. Tena, zile zilizoweza kuzalisha maandishi ya GSM8K kwa urahisi zaidi ndizo zilizoelekea kushuka zaidi, ingawa uhusiano huo haukuwa mkali.

Hapa wengi huteleza. Modeli kubwa za mstari wa mbele hazikushuka kwa kiasi cha kutajika, na hata zilizoshuka bado zilitatua maswali mengi mapya. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema alama zote ni feki. Uvujaji hauthibitishi kwamba modeli haijui hesabu. Unaiongezea alama ambazo haikuzifanyia kazi, na hatujui ni ngapi mpaka tuipe maswali ambayo haijawahi kuyaona. Kabla ya hapo, modeli mbili zilizopishana kwa asilimia 2 kwenye GSM8K mimi nazihesabu zimetoka sare.