Nilivyoitisha uchaguzi bila kujua

Jumamosi saa moja kasoro asubuhi nimekutana na shosho mmoja wa mtaa wetu amevaa koti la kanisa, kitambulisho amekishika mkononi kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, akaniuliza, "Kijana wangu, laini ya kina mama iko upande gani?" Nikamuuliza laini ya nini. Akaniangalia kama mtu anayeongea na mlevi. "Si ya kura. Si ni wewe ulitangaza kwa redio?"

Hapo ndio tumbo langu lilianza kunguruma.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Mimi husoma matangazo kwa redio moja ndogo ya mtaani hapa Nairobi, kazi ya kujitolea, malipo ni chai na nauli ukibahatika. Alhamisi jioni nililetewa karatasi kwamba barabara yetu inatengenezwa. Sasa Kenya, tangu ile sheria ya barabara ya 2007, barabara kubwa zimegawanywa kwa mamlaka tatu: KeNHA ina barabara kuu za kitaifa, KeRRA ina za mashambani, na za mijini ziko kwa KURA. Kwa karatasi hakuna shida yoyote, unaona herufi kubwa unajua hiyo ni ofisi. Lakini maikrofoni haina herufi kubwa jamani! Nikasoma vile ilivyo, tena kwa sauti ile nzito ya habari za saa moja:

"Jumamosi hii, KURA itaanza saa moja asubuhi kwenye geti la shule ya msingi. Barabara itafungwa. Wenye vibanda kwenye akiba ya barabara wafike na vitambulisho. Wakazi wakumbuke barabara hii haiko chini ya KeRRA."

Isome tena ukiwa umefunga macho. Shule ya msingi ndio mahali tunapigia kura kila uchaguzi. Kitambulisho ndicho unachobeba. Barabara kufungwa, si hivyo ndio huwa siku hiyo. Na kibaya zaidi hata sarufi ilinigeuka, kwa sababu mamlaka inaanza, na kura pia inaanza, hiyo "itaanza" yangu inakaa sawa kabisa kwa zote mbili. Hakuna neno hata moja hapo lingemwambia shosho amekosea. Hakukosea, alisikia nilichosema.

Hapo getini nikapata watu kama ishirini wamejipanga vizuri, wazee mbele, kama kawaida yetu. Askari wa shule amekataa kufungua, anasema yeye hajaletewa masanduku. Jamaa wa boda mmoja anaapa ni uchaguzi mdogo. Pembeni wako kina mama wanne wa chama, wao hawana haja na kura, wamekuja kwa sababu ya "akiba ya barabara", wanataka kujua imefika pesa ngapi na itagawanywa lini. Ile akiba niliitafsiri mwenyewe na nikajisifu kabisa, nikimaanisha ile ardhi ya kando ya lami iliyotengwa kwa barabara, ambayo nusu ya mtaa imejenga vibanda juu yake. Na baba mmoja mwenye matatu alikuwa na hasira zake tofauti: "Nani alisema hii barabara haina kera? Mimi nimebadilisha shokabsoba mara mbili mwaka huu!"

Saa moja na nusu greda ikaja. Watu wakaipisha kwa heshima, wakidhani imeleta karatasi za kura.

Nikakimbia stesheni. Nikamwambia prodyusa niingie hewani sasa hivi nirekebishe. Nikaingia, jasho linatiririka, nikasema maneno ambayo nitazikwa nayo: "Wasikilizaji samahani sana, nilimaanisha KURA, sio kura."

Kimya. Nikaangalia kwa kioo, prodyusa amelaza kichwa juu ya meza.

Nikajaribu tena. "Yaani watu wa KURA." Simu ikalia hapo hapo, mzee anauliza kama ni makarani au wale wa kuhesabu. Nikasema basi niwasomee herufi, kei, yuu, aa, ei, na mama mmoja akapiga akasema redio yake inakata kata.

Prodyusa akaweka wimbo mrefu akaniita kando. Huyu mama amefanya redio miaka mingi na hapendi kelele. Akasema, "Msomaji wa gazeti akipotea anarudisha macho juu. Wako anakaanga vitunguu. Ukimpa jina kwanza halafu maana baadaye, ile sekunde anangoja maana, ameshajitengenezea yake." Ndio kusema mimi nilikuwa nimefika na jina, maana sikuleta kabisa, nikawaachia watu watafute wenyewe, na wakaipata, ikawa uchaguzi.

Tukaandika upya pale pale nyuma ya risiti ya maandazi. Akanikataza kutaja jina lolote mpaka msikilizaji awe ameshaona greda kichwani. Tingatinga kwanza, kazi kwanza, halafu mwenye kazi, na kifupi chake kije mwisho kabisa, na kije tu kama kitamsaidia mtu, mfano atakiona kwa ile bango ya njano hapo nje. KeNHA na KeRRA akazikata zote mbili. Nikalalamika kwamba ni habari ya kweli, akaniuliza, "Itamsaidia nani kupita?" Sikuwa na jibu.

Halafu akamwita yule dada wa chai. Hakumuonyesha karatasi. Akamwambia aendelee kuosha vikombe ametupa mgongo, mimi nisome mara moja tu, kisha yeye atuambie Jumamosi kuna nini. Mara ya kwanza akasema, "Kuna mamlaka inafunga shule." Tukarekebisha, geti la shule likawa mwanzo wa barabara, "kuanzia geti la shule mpaka stegi". Mara ya pili akasema bila kugeuka, "Wanatengeneza barabara, mwenye kibanda kando ya lami aende akaongee na injinia, abebe kitambulisho." Basi, ikapita. Nikaingia hewani:

"Greda iko barabarani sasa hivi. Barabara yetu inatengenezwa, kuanzia geti la shule mpaka stegi, na magari hayatapita leo. Hakuna uchaguzi. Kama kibanda chako kiko kando ya lami, injinia anataka kukuona leo, beba kitambulisho. Kazi hii ni ya mamlaka ya barabara za mijini. Kwa bango yao utaona herufi nne, zinasomeka kama kura, lakini ni jina la ofisi tu."

Baada ya wimbo nikarudia yote toka mwanzo, nikianza tena na greda, sio "hao jamaa niliowataja", kwa sababu aliyefungua redio saa hiyo hajui jamaa gani.

Saa nne laini ilikuwa imeisha. Jioni nikapita kwa shosho kumuomba msamaha, nikambebea na mkate. Akanikaribisha chai, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini niambie ukweli, nani alishinda?"

"Greda, shosho."

Jumatatu nikaletewa karatasi nyingine. Nikasoma mstari wa kwanza, nikaenda moja kwa moja kumtafuta dada wa chai kabla hajamaliza vikombe. Ilikuwa imeandikwa: "NEMA itafika mtaani Jumatano." Hao ni watu wa mazingira, lakini nikiisoma haraka hiyo, makanisa yote yangekesha.