Ampea mara 230: lini inatosha, na lini friji inaharibu hesabu

"Kihisi cha mkondo ninacho tayari. Nikizidisha ampea kwa 230 si napata wati? Kwa nini nihangaike na volti?"

Kama unajijengea kifaa cha kurekodi umeme unaotumika nyumbani kwa bodi ya ESP32, inategemea unataka kujua nini. Tuchukue friji ya kawaida ya nyumbani, ile ambayo kompresa yake haina inveta. Inaponguruma inavuta, tuseme, ampea 0.9. Ukizidisha kwa 230 unapata 207, lakini hizo ni volti-ampea, si wati. Mkondo wa mota ya kompresa unachelewa nyuma ya volteji, kwa hiyo katika kila mzunguko sehemu ya nishati iliyoingia inarudishwa kwenye laini. Kama pawa fakta ya friji hiyo, yaani uwiano wa wati kwa volti-ampea, ni 0.6, nguvu halisi ni wati 124. Mita ya umeme inakutoza kwa wati 124, huku kifaa chako kikiandika 207.

Ipeleke hesabu hiyo hadi mwisho wa mwezi. Kompresa ikifanya kazi asilimia 40 ya muda, ni saa 288 katika siku 30. Friji imekula uniti 36, kumbukumbu zako zinasema 60. Kwa mteja wa Tanzania aliye kundi la D1, ambaye bei nafuu inaishia kwenye uniti 75 kwa mwezi, kosa hilo linatosha kumfanya aamini kuwa friji ndiyo inayommaliza, wakati mlaji mwenyewe yuko kwingine.

Hata hivyo, njia ya ampea peke yake haistahili kutupwa. Kihisi chenyewe ni klampu inayofungwa juu ya ganda la waya, hakuna pa kugusa shaba yenye umeme, na vipuri ni vichache: kihisi, rezista mbili, kapasita moja na bodi. Kama swali lako ni friji inawaka mara ngapi usiku, au pampu ya maji ilisahaulika kuzimwa saa ngapi, ampea zinajibu kikamilifu. Friji ambayo jana ilipumzika dakika 25 kati ya kuwaka na kuwaka, na leo inapumzika dakika 8, huenda ina tatizo la mpira wa mlango au la gesi, na huhitaji volti hata moja kuligundua. Kwa vifaa vya kupasha joto tu, kama birika, pasi na jiko la koili, pawa fakta ni 1, hivyo kosa linalobaki ni la volteji pekee. Laini ikiwa kwenye volti 206 wewe ukizidisha kwa 230, unazidisha asilimia 12.

Jambo linaloniegemeza upande wa kupima volteji, zaidi ya friji, ni lile linalotokea kila kitu kikiwa kimezimwa. ADC ya ESP32, yaani sehemu ya bodi inayogeuza volti kuwa namba, ina kelele. Ukitumia kihisi cha SCT-013-030, kinachotoa volti 1 kwa ampea 30, kelele ya hatua tatu tu za ADC inasomeka kama ampea 0.07. Zidisha kwa 230: wati 16 zisizokuwepo, usiku na mchana, yaani karibu uniti 12 za uongo kwa mwezi. Ukipima volteji pia na kuzidisha sampuli kwa sampuli kabla ya kutafuta wastani, sehemu kubwa ya kelele hiyo inajifuta yenyewe, kwa kuwa haifuati wimbi la volteji. Mara chanya, mara hasi, jumla inakaribia sifuri.

Basi volteji ipatikane vipi? Wapo wanaoshauri kigawa volteji cha rezista moja kwa moja kutoka soketini, na hoja yao ina nguvu: rezista hazisogezi awamu ya wimbi, ni za bei ndogo, na hata moduli za dukani kama PZEM-004T hufanya hivyo kwa ndani. Lakini PZEM ina kitenganishi cha mwanga kati ya upande wa umeme na upande wa data. Bodi yako haina. Ukitumia kigawa hicho, graundi ya bodi inaungana na laini, na siku soketi ikigeuzwa laivu na nyutro, waya wa USB unaoingia kwenye kompyuta yako unakuwa na volti 230. Kwa mtu anayejenga mezani nyumbani, naona hoja ya usalama inashinda bila kupingwa.

Njia iliyo salama ni adapta ya transfoma inayotoa volti 9 za AC. Lazima iwe ya transfoma, ile nzito, na iandikwe AC kwenye upande wa kutoa. Chaja nyepesi ya simu inatoa DC na haina wimbi la kupima. Isipobebeshwa mzigo, adapta ya volti 9 hutoa karibu volti 11, na volteji ya laini ikipanda, kilele cha wimbi kinaweza kufika volti 17. Kigawa cha kilo-omu 150 na kilo-omu 10 kinagawa kwa 16, hivyo kilele kinashuka hadi volti 1.06. Wimbi hilo linainuliwa kwa volti 1.65, inayotoka kwenye rezista mbili za kilo-omu 10 zinazogawa 3.3 nusu kwa nusu, pamoja na kapasita ya maikrofaradi 10 ya kuituliza. Linacheza kati ya 0.59 na 2.71, ndani ya upeo wa volti 3.3 wa ADC ya ESP32. Kihisi cha mkondo kinainuliwa kwa namna hiyohiyo. Tumia pini za 32 hadi 39. Zile za ADC2 zinagongana na Wi-Fi.

Klampu izunguke waya mmoja tu, laivu au nyutro. Ukiifunga juu ya kebo nzima, mikondo miwili inayokwenda pande tofauti inafutana na unasoma sifuri. Kwa kupima kifaa kimoja, tengeneza ekstensheni fupi ambayo waya zake tatu zimetenganishwa sehemu moja, kila moja ikiwa na ganda lake.

Sasa kalibresheni, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Ushauri wa kawaida ni: chukua birika la wati 2,000, liwashe, rekebisha namba hadi kifaa kisome 2,000. Lakini wati 2,000 ni za volti 230. Koili hiyo ina ukinzani wa omu 26.45, na nguvu hufuata mraba wa volteji. Kwa volti 206 birika hilohilo linatoa wati 1,600 tu. Aliyelazimisha kifaa chake kisome 2,000 amezidisha kila kitu kwa asilimia 25, na kosa hilo litabaki hadi atakapopima upya.

Birika linafaa kwa sababu ukinzani wake haubadiliki sana likipata moto, tofauti na balbu ya uzi. Mzigo ni mzuri. Kinachohitajika ni kuupima wakati huohuo. Mita ya umeme ya nyumbani ndiyo kipimo bora ulichonacho: nyingi ni za daraja la 1, yaani kosa la asilimia 1, na zina taa inayopepesa. Usoni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu, chomoa hata chaja, washa birika. Anza saa mpepeso mmoja ukitokea, na mpepeso huo uuite sifuri. Ukipata 40 kwa sekunde 90:

```
P = 3600000 * N / (K * t)
P = 3600000 * 40 / (1000 * 90) = 1600 W
```

Kabla ya hapo, sawazisha volteji kwa multimita kwenye soketi ileile. Namba ya kuanzia ya kuzidishia volteji kwenye programu ni 230 ÷ 11 × 16, karibu 334. Ya mkondo ni 30. Volteji ikishakubaliana, kama kifaa kinasoma wati 1,720 badala ya 1,600, namba ya mkondo inakuwa 30 × 1600 ÷ 1720, yaani 27.9.

Wengi huishia hapo, na birika huwapa sababu ya kuridhika. Tatizo ni kwamba birika haliwezi kuonyesha kosa la awamu. Transfoma ya adapta inasogeza wimbi kidogo, klampu nayo inasogeza lake, na ADC inasoma volteji kwanza, mkondo baadaye. Kwa umeme wa hezi 50, kuchelewa maikrosekunde 56 ni digrii 1 nzima. Tuseme jumla ya kosa ni digrii 4. Kwenye birika hilo ni asilimia 0.24, halionekani. Kwenye friji ya pawa fakta 0.6, kosa lilelile linakuwa karibu asilimia 9, juu au chini kutegemea upande.

Kwa hiyo kuna jaribio la pili, na hili ni la friji yenyewe. Subiri kompresa ishike, zima vingine vyote, hesabu mipepeso 20. Kwa wati 124 itachukua kama sekunde 580, karibu dakika 10. Kama friji inazima kabla ya hapo, fungua mlango kidogo kwanza ili iwe na kazi, kisha ufunge taa izimike. Linganisha na wastani wa kifaa chako kwa muda uleule, kisha badilisha PHASE, namba inayosogeza wimbi la volteji mbele au nyuma kwenye programu:

```
fv = vPrev + PHASE * (v - vPrev);
sumP += fv * i;
```

Anza na 1, maana yake hakuna marekebisho. Panda au shuka kwa 0.1 hadi wati za friji zikubaliane na mipepeso, halafu rudia birika, kwa kuwa PHASE inagusa pia ukubwa wa wimbi na namba ya mkondo itahitaji kuguswa tena kidogo. Ambako mita iko juu ya nguzo na taa haionekani, mita ya wati ya kuchomeka soketini inafaa badala yake, mradi inaonyesha wati halisi na pawa fakta.

Katika kuhifadhi kumbukumbu, andika kila dakika jumla ya wati-saa tangu mwanzo, si wati za papo hapo. Ukikosa mstari mmoja, jumla ya mstari unaofuata bado ni sahihi. Jumla hiyo ihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu na isomwe tena bodi inapowaka, la sivyo kila katizo la umeme linairudisha sifuri. Weka pia saa ya DS3231 yenye betri yake: umeme ukikatika bodi nayo inazima, na bila saa hiyo mistari ya kabla na baada ya katizo itashikana kana kwamba hakuna kilichotokea. Pengo la saa tatu kwenye mihuri ya muda ndilo litakaloeleza kwa nini kompresa, umeme uliporudi, ilinguruma muda mrefu bila kupumzika.