YAH: Kutozwa Ada Mara Mbili na Programu ya Usingizi

Programu ninayoizungumzia kazi yake ni moja tu: kumlaza mtu. Humsomea hadithi kwa sauti ya taratibu, humpigia sauti ya mvua, kisha humhimiza avute pumzi mpaka apotelee usingizini. Nilikuwa mteja wake mtiifu, na ninakiri kwamba ilinilaza vizuri sana hadi usiku ule iliponitoza ada ya mwezi mmoja mara mbili, nikakesha.

Ilitokea hivi. Nilibonyeza kitufe cha kulipa, duara likazunguka kwa muda mrefu, kisha kioo kikaniandikia kwamba malipo hayakukamilika na kwamba nijaribu tena. Nikatii. Mara ya pili kila kitu kilipita, mvua ikaanza kunyesha ndani ya simu, na papo hapo benki ikaniletea ujumbe wa makato, halafu ujumbe mwingine wa makato yaleyale.

Sikukimbilia kulalamika, kwa sababu ninafahamu kwamba si kila kinachoonekana kama makato ni makato. Unapolipa kwa kadi, kwanza benki huishikilia fedha ikisubiri muuzaji aidai rasmi, na muamala wa namna hiyo huandikwa kuwa unasubiri. Muuzaji asipoudai, benki huiachia fedha baada ya siku chache, na anayelalamika mapema huishia kuaibika. Nikasubiri, huku nikifungua taarifa ya benki kila asubuhi kama mkulima anayekagua mbegu. Miamala yote miwili ikaota: yote ikahama kutoka kwenye kusubiri na kuandikwa kuwa imekamilika, kila mmoja ukiwa na namba yake ya kumbukumbu. Hapo hapakuwa tena na fedha iliyoshikiliwa. Palikuwa na fedha iliyochukuliwa.

Basi nikaketi na kuandika barua ya kiungwana, kama tulivyofundishwa.

«Ndugu Mhusika,

YAH: KUTOZWA ADA MARA MBILI NDANI YA MWEZI MMOJA NA MAOMBI YA KUREJESHEWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti moja na usajili mmoja. Tarehe 3 ya mwezi huu, saa 2:14 usiku, mlinitoza ada ya mwezi kwa muamala ambao namba yake inaishia na 4471, ingawa programu yenu iliniarifu kwamba malipo hayo hayakukamilika. Saa 2:16 usiku mlinitoza tena kiasi kilekile kwa muamala unaoishia na 4498, na huo ndio uliofungua huduma. Miamala yote miwili imekamilika benki, kama inavyoonekana katika taarifa niliyoambatanisha. Ninaomba mnirejeshee fedha za muamala wa 4471 na kuuacha ule wa 4498 kama ulivyo. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitaiomba benki yangu iupinge muamala huo wa kwanza.»

Naomba msomaji azingatie sentensi ya maombi. Sikusema wanirudishie «pesa zangu», wala sikusema «mojawapo». Nilitaja namba ya muamala wa kurejeshwa na namba ya muamala wa kubaki. Niliona hata mtoto angeielewa, na huenda tatizo ni kwamba haikusomwa na mtoto.

Jibu lilitoka kwa dada mmoja wa huduma kwa wateja, mpole kupita kiasi, aliyefunga barua yake kwa maneno «Wako katika utulivu». Alisema amekagua mfumo wao na ameona malipo mamoja tu, na kwamba hayo mengine bila shaka ni fedha zilizoshikiliwa na benki, zitaachiwa zenyewe. Alinishauri katika kipindi hiki cha kusubiri nisikilize hadithi ya mto utiririkao.

Nilimjibu kwamba benki imekwisha kuandika «imekamilika» mara mbili, na nikamtumia tena ukurasa uleule, safari hii nikiwa nimeizungushia duara kila namba. Ndipo akaandika maneno yaliyonifurahisha kabla sijayaelewa: «Tumekubali ombi lako. Fedha zako zinarejeshwa.»

Usiku huo nikajilaza, nikafungua programu, nikakuta imefungwa. Kioo kilinikaribisha kama mgeni na kuniuliza iwapo ninasumbuliwa na ukosefu wa usingizi.

Walikuwa wamerejesha muamala wa 4498, ule uliokuwa unafungua huduma, na mfumo ulipoona malipo ya usajili yamerudishwa ukanifungia mlango. Muamala wa 4471, ambao ndio niliokuwa ninauombea, ulibaki mikononi mwao. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa ada ya mwezi na sikuwa mteja.

Dada yule hakuwa mwongo, na hilo lilinichukua muda kulikubali. Malipo ya kwanza yalifika kwa kampuni inayowapokelea fedha za kadi, lakini mawasiliano yakakatika kabla jibu halijairudia programu. Programu ikadhani yameshindikana, haikuyaunganisha na usajili wangu, na ikanituma nilipe upya. Mfumo uliotengenezwa vizuri huipa kila nia ya kulipa alama yake ya pekee, ili mtu akibonyeza tena ijulikane kwamba ni ombi lilelile na asitozwe mara ya pili. Huu wao uliniona kuwa nina nia mbili. Ukurasa wa huduma kwa wateja, kwa upande wake, ulionyesha malipo yaliyofungamana na usajili peke yake. Alipotakiwa kurejesha, alirejesha kile alichokiona.

Nikaandika barua ya pili, fupi na yenye ukali uliopigwa pasi. Niliwaeleza kwamba sasa siombi fedha, kwani ada moja iko njiani kurudi na ada moja wanayo, hesabu ambayo ni sahihi kabisa. Ninachoomba ni ada hiyo iliyoko kwao ihesabiwe kuwa ni ya kwangu. Niliomba pia barua ipelekwe kwa watu wa fedha, wanaoweza kuutafuta muamala wa 4471 moja kwa moja kwenye kumbukumbu za kampuni inayowapokelea malipo, badala ya kuutafuta kwenye akaunti yangu ambako haujawahi kukanyaga. Kuhusu benki, niliona nitulie kwanza, maana kupinga muamala ambao sasa ndio tegemeo langu la kurudi ndani kungekuwa kuukata mguu wa pekee uliobaki.

Bwana mmoja wa idara ya fedha alijibu kwa mistari miwili, bila utulivu wowote. Aliuona muamala, akaufunganisha na akaunti, na mlango ukafunguka. Fedha za 4498 nazo zikafika benki siku kadhaa baadaye.

Kisha dada yule akarudi kwa furaha, akasema kampuni imeguswa na imenizawadia mwezi mmoja wa bure. Kilichotakiwa ni kuingiza upya namba za kadi na kubonyeza kitufe cha kulipa, naye akanihakikishia kwamba nitatozwa sifuri. Nilifikiria uwezekano wa kutozwa sifuri mara mbili, na uwezekano mwingine ambao haukuwa sifuri. Nikaandika barua ya tatu, YAH: KUKATAA ZAWADI, na ninaamini ndiyo bora kuliko zote nilizowapelekea.