Pambizo za Marehemu Baba

Baba alipofariki, nyumbani kwetu Ng'ambo, Tabora, aliacha rafu sita za mninga zilizojaa vitabu, na warithi wawili tu, kwa kuwa mama alikwisha kutangulia. Shehe aligawa kwa kanuni, mtoto wa kiume sehemu mbili na wa kike moja, hivyo mdogo wangu akachukua rafu nne nami mbili. Hakuna aliyenuna, maana hatukujua bado kwamba baba, karani mstaafu wa reli, hakuwa na daftari la madeni; yote aliyaandika kwenye pambizo. Mahali mwandishi mmoja alipodai kwamba reli ilifika Tabora mwaka 1914, baba alimjibu kwa kalamu, "Uongo! Hapa ni 1912. 1914 ni Kigoma." Chini yake, bila kuvuta pumzi, "Karanga debe moja, seremala hajalipa."

Mdogo wangu, ambaye hupenda vitu vinadhifu, alikwisha kupeleka vitabu vyake kwa fundi vijalidiwe upya. Fundi akishashona kurasa huzipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi ili kingo zilingane, na kwa kuwa vile vilikuwa vimeliwa pembeni, alikata sentimita nzima pande zote tatu, isipokuwa upande wa mshono. Vikarudi vinang'aa kama msahafu wa harusi. Kumbe kila ukurasa wa kushoto ulikuwa umepoteza mwanzo wa maneno ya baba, na kila wa kulia umepoteza mwisho. "Dada," aliniambia kwa sauti ndogo, "hapa pameandikwa 'resi shilingi elfu kumi', na sijui ni nani huyo."

Wadeni wa kushoto, basi, walisamehewa na mashine. Tuliweka tumaini letu kwenye ukurasa mmoja wa kulia uliosomeka hivi: "Baiskeli yangu nimempa jirani kwa a", kisha makali ya kisu yakapita katikati ya herufi iliyofuata.

Tulimwendea jirani kwa adabu zote. Mzee akavaa miwani, akasoma, akatokwa na machozi. "Kwa ajili ya Mungu," akasema. "Marehemu alikuwa na moyo."

Mdogo wangu alikuwa amejiandaa. Alitoa rula pamoja na kitabu kimoja kutoka rafu zangu, ambacho hakikukatwa, akamwonyesha kwamba katika sentimita moja mwandiko wa baba hutosha herufi nne. "Shikamoo tena, mzee. Neno 'amana' likikatwa baada ya a, zinabaki herufi nne, nazo zinaenea. Hiyo 'ajili ya Mungu' ingefika mpaka barabarani."

Mzee aliipima mwenyewe, akaipima tena, akavua miwani.

"Ni kweli, wanangu," akasema huku akiisogeza baiskeli ukutani na kuipanda. "Lakini baba yenu alikuwa mnyenyekevu. Akimtaja Mungu, aliandika kwa herufi ndogo sana."