Lazima, inapaswa au inashauriwa: ngazi za wajibu katika viwango vya Kiswahili

Kiwango cha Afrika Mashariki cha nafaka ya mahindi, EAS 2, kinaweka kikomo cha unyevu kuwa asilimia 13.5, na cha sumukuvu ya aflatoksini kuwa mikrogramu 10 kwa kilo. Mfasiri anayekitoa kwenye Kiingereza akiandika "mahindi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5", tarakimu zote ziko sawa. Lakini gari likifika ghalani na kipimo kikaonyesha 14.2, mkaguzi ataisoma "yanapaswa" kama amri na kulirudisha, na mwenye mzigo ataisoma kama ushauri na kudai lipokelewe. Kila mmoja ana Kiswahili cha kumtetea. Katika maandishi rasmi "kupaswa" hubeba wajibu mzito, ilhali katika mazungumzo ya kila siku "unapaswa kupumzika" ni nasaha tu.

Matini ya Kiingereza haina utata huo, kwa sababu ngazi zake zimewekwa kwa makubaliano. Maelekezo ya ISO/IEC ya kuandika viwango, Sehemu ya 2, yanatenga "shall" kwa sharti ambalo bila kulitimiza huwezi kudai umefuata kiwango, "should" kwa pendekezo, "may" kwa ruhusa na "can" kwa uwezekano. "Must" haitumiki badala ya "shall". Imeachiwa mambo yanayotoka nje ya kiwango, kama vile sheria ya nchi. Viwango vya mtandao vina mpango tofauti kidogo: waraka wa RFC 2119 wa mwaka 1997 unaipa MUST na SHALL uzito mmoja, na kuhusu SHOULD unakubali kwamba huweza kuwapo sababu halali za kutoifuata, mradi athari zake zipimwe kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno la Kiswahili, mfasiri aangalie matini yake inafuata mpango upi. "Must" ya RFC ni "lazima". "Must" ya ISO hueleweka vizuri zaidi ikiandikwa "sheria inataka".

Kutoka hapo watafsiri wanagawanyika.

Kundi la kwanza linataka hali ya amri ya kawaida: "Mahindi yakaushwe. Sampuli zichukuliwe kabla ya mzigo kushushwa." Hoja yao ina nguvu. Hivyo ndivyo maagizo yanavyoandikwa kwa Kiswahili tangu zamani, kuanzia karatasi ya dawa hadi tangazo la mtihani. Sentensi ni fupi na haikemei. Ukibandika "lazima" kwenye kila mstari wa waraka wa kurasa arobaini, msomaji anaanza kuliruka, na neno lililokusudiwa kumshtua linageuka kuwa kelele. Wapo pia wanaofuata mtindo wa sheria, ambako wakati ujao hubeba sharti. Katiba ya Tanzania inasema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", na hakuna anayeisoma kama utabiri.

Kundi la pili linataka neno moja kwa ngazi moja, bila kubadilisha: "lazima" kwa sharti, "inashauriwa" kwa pendekezo, "inaruhusiwa" kwa ruhusa, "inaweza" kwa uwezekano. Nakubaliana nao, ingawa ladha ya lugha iko kwa wale wa kwanza. Sababu ni kwamba hali ya amri inakaa kwenye irabu moja ya mwisho, nayo hutumika kwenye ngazi zote mbili: "lazima yakaushwe" na "inashauriwa yakaushwe" zina kitenzi kilekile. Ukiondoa neno la mbele, ngazi imepotea. Irabu hiyo huwezi kuiandika kwa herufi kubwa wala kuitafuta kwenye faili. Wakati ujao nao unateleza: "mahindi yatapimwa ghalani" ni sharti kwa mwanasheria, lakini kwa karani ni taarifa ya ratiba. Na "hupimwa" haifai kabisa, maana inaeleza desturi.

Kwenye ukanushaji kosa huwa kubwa zaidi. "Shall not contain live insects" inakataza wadudu hai. Mfasiri mwenye haraka huweka kikanushi mbele ya "lazima" na kupata "si lazima yawe na wadudu hai", yaani yakiwa nao sawa, yasipokuwa nao sawa. Katazo limekuwa hiari. Kikanushi kikae kwenye kitenzi: "lazima yasiwe na wadudu hai". Kwa sababu hiyohiyo napendekeza "si lazima" ipigwe marufuku katika waraka mzima, na pale Kiingereza kinaposema "need not" iandikwe "haihitajiki".

Sentensi za masharti zina mtego wake. Chukua mfano huu: "Should the moisture exceed 13.5 %, the lot shall be re-dried." Hiyo "should" ya mwanzo haina pendekezo lolote, ni "iwapo". Aliyezoea kubadilisha neno kwa neno ataandika "unyevu unapaswa kuzidi", na kiwango kitakuwa kinaagiza mahindi mabichi. Tafsiri yake ni: "Iwapo unyevu unazidi asilimia 13.5, shehena lazima ikaushwe upya." Kifungu cha "iwapo" kitangulie na wajibu ufuate. Ukiandika "shehena lazima ipimwe na ikaushwe upya iwapo unyevu unazidi asilimia 13.5", haijulikani kama kupima nako kunasubiri unyevu uzidi. "Ukizidi" ingetosha kisarufi, lakini "-ki-" hueleza pia jambo linaloendelea sambamba na jingine, kwa hiyo kwenye kiwango "iwapo" ni salama zaidi.

Kauli ya kutendwa ina ubishi wa haki pande zote. "Samples shall be taken" haisemi nani achukue. Wengine wanasema mfasiri aongeze "mkaguzi", kwa kuwa sharti lisilo na mtendaji halitekelezwi na mtu. Ila mfasiri hana mamlaka ya kumpa mtu kazi ambayo kamati haikumpa. Mara nyingi mtendaji ameachwa kwa makusudi, ili sharti limfunge yeyote mwenye shehena mkononi. Msimamo wangu: penye sifa za bidhaa, epuka kutendwa kabisa, "lazima yawe makavu na safi". Penye kazi, bakiza "lazima zichukuliwe" na uiulize kamati kwa maandishi. Jihadhari pia na "zinachukulika": hiyo inaeleza uwezekano, na ngazi inashuka kutoka "shall" hadi "can" bila mtu kugundua.

Faida ya maneno yasiyobadilika inaonekana wakati wa kuhakiki. Hesabu pande mbili:

```
grep -oiw "shall" asili.txt | wc -l
grep -oiw "lazima" tafsiri.txt | wc -l
```

Hesabu zikilingana bado si uthibitisho, kwa kuwa kosa moja laweza kufidia jingine. Zikitofautiana, pitia kifungu kwa kifungu. "Lazima" ikizidi, tafuta "si lazima" iliyopenya, au "must" ya sheria iliyochanganywa na masharti ya kiwango. Ikipungua, kwa kawaida "inapaswa" imerudi kwa mazoea, au sentensi mbili zimeunganishwa. Kisha mpe karani wa ghala vifungu vichache, bila matini ya Kiingereza, na umwulize kuhusu kila kimoja: mzigo usiotimiza hiki, unaupokea au unaurudisha? Kifungu chenye "lazima" akikijibu kwa kusitasita, kiandikwe upya.