Shifti moja inatosha

Fimbo ya kurushia ndege za kwenye kompyuta, yenye vitufe 12, ukiiwekea shifti moja, yaani kitufe ambacho kikishikwa hubadilisha kazi za vingine, vinabaki 11 na kila kimoja kinafanya kazi mbili: jumla 22. Weka shifti mbili, vinabaki 10 vyenye kazi nne nne, yaani 40. Hesabu hiyo ndiyo inayowaponza vijana ninaorusha nao hapa Goma. Kompyuta itazikumbuka kazi zote 40, vidole havitazikumbuka.

Mimi naanza kwa kujiuliza: nikitua Goma na kutua kukaharibika, nitahitaji nini? Unaingia kutoka upande wa ziwa, uwanja uko kama mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na mbele yako ni Nyiragongo yenye karibu mita 3,470. Ukighairi kutua, unasukuma gesi, unapunguza flapu hatua moja, ndege ikishaanza kupanda unakunja magurudumu, huku kidole gumba kikirekebisha trimu. Hayo yote yakae wazi, bila shifti. Taa, redio, ramani na kamera za nje ndizo za kupeleka tabaka la pili, lile la shifti ikishikwa, maana zinaweza kusubiri.

Shifti yenyewe iwe chini ya kidole cha mwisho kwenye fimbo, na ifanye kazi ikiwa imeshikiliwa tu. Ile ya kubonyeza mara moja ikajifunga siitaki: baada ya dakika mbili hujui uko tabaka gani. Kwenye mchezo wa DCS World, chagua Modifiers, si Switches.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kijana mmoja wa Himbi aliniuliza, “Yaya, mbona nikishika shifti breki inakufa?” Breki haikufa. Katika DCS, shifti ikishikiliwa, kitufe kilichopangiwa kazi bila shifti hakijibu. Dawa yake ni kuipangia breki mara mbili, peke yake na pamoja na shifti. Anayetumia programu ya Joystick Gremlin ana nafuu: tabaka la mtoto hurithi la mzazi, hivyo kitufe ulichokiacha kitupu kule juu kinaendelea na kazi yake ya chini.

Kabla ya kuruka, fanya jaribio hili ndege ikiwa imesimama. Shika shifti, bonyeza kitufe, kisha achia shifti kwanza na kitufe baadaye. Halafu rudia kwa kuanza na kitufe. Katika baadhi ya mipangilio, kuachia shifti kwanza huiacha kazi ya tabaka la pili imenasa, kwa mfano kamera inaendelea kuzunguka yenyewe hata mkono ukiwa mezani. Ukiona hivyo, tabaka la pili lipe kazi za kugusa mara moja, kama kuwasha taa, na kazi za kushikilia uzirudishe chini.